Eneo lililopotea: kwa nini fomula za t hutoa sifuri pasipo na sifuri

Kuna swali dogo la hisabati ambalo likiingia kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi wa PCM, mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati, halitoki bila ugomvi. Linasema hivi: tafuta intego ya 1/(2 + cos x), x ikianzia 0 na kuishia 2π. Mmoja anatumia fomula za t kama alivyofundishwa, hatua zote safi, na anapata sifuri. Mwingine anasema haiwezekani. Wa tatu anasema fomula za t "haziaminiki", basi tuziache. Hapo mjadala unahama kutoka hesabu na kuwa wa nani anajua zaidi.

Wa pili ndiye mkweli, na huhitaji fomula yoyote kumthibitisha. Kosaini haizidi 1 wala haishuki chini ya −1. Kwa hiyo 2 + cos x daima iko kati ya 1 na 3, na ukigawanya 1 kwa namba hiyo utapata kitu kilicho kati ya theluthi moja na moja kamili. Intego ni eneo lililo chini ya mstari wa grafu. Mtu anayesema eneo hili ni sifuri ni sawa na mtu anayekuuzia shamba lenye urefu wa hatua sita na ushei, ambalo upana wake haupungui theluthi ya hatua mahali popote, kisha hati inaandika ukubwa: hakuna. Mahali fulani katika kupima, shamba limemezwa. Tulitafute lilipomezwa, lakini kwanza tukubaliane tunapima kwa kamba gani.

Fomula za t ni njia ya kubadilisha herufi. Swali lina saini na kosaini za x. Tunaamua kuandika kila kitu kwa herufi mpya t, ambapo t ni tanjenti ya nusu ya x:

```
t = tan(x/2)
```

Njia hii huhusu maswali ya aina moja tu: yale ambayo saini na kosaini zimejumlishwa, zimetolewa, zimezidishwa au zimegawanywa, basi. Hakuna kipeuo, hakuna x inayotembea peke yake nje ya saini na kosaini. Sehemu kama 1/(2 + cos x), au sin x/(3 + sin x − cos x), zimo. Kitu kama x/(2 + cos x) hakimo.

Mbona tujisumbue? Kwa sababu saini na kosaini ni ndugu wawili waliofungwa kamba moja. Ukimsogeza mmoja, mwingine anavutwa, maana mraba wa huyu ukijumlishwa na mraba wa yule lazima utoe 1. Ukiwa nao wote wawili kwenye asili ya sehemu, yaani ile namba ya chini, huwezi kumshughulikia mmoja ukamsahau mwenziwe. Tungekuwa na namba moja inayowazaa wote wawili kwa kujumlisha na kugawanya tu, kazi ingebaki kuwa ya sehemu za kawaida za aljebra, ambazo njia yake inajulikana. Namba hiyo ipo, na inaonekana kwa macho.

Chukua kiwanja cha duara, nusu kipenyo chake kizio kimoja. Wewe umesimama kwenye ukingo wa magharibi kabisa, na kurunzi mkononi. Mwenzako yuko ukingo wa mashariki, mkabala nawe. Anaanza kuuzunguka ukingo akipitia kaskazini, na wewe unamfuata kwa mwanga bila kuondoka uliposimama. Pembe aliyozunguka, ukiipimia katikati ya kiwanja, ni x. Pembe ambayo kurunzi yako imegeuka ni nusu yake tu. Hilo ulilifundishwa sekondari kwenye mada ya duara: pembe ya katikati ni mara mbili ya pembe ya kwenye mzingo. Mteremko wa mwanga wako, yaani unavyopanda kaskazini kwa kila hatua moja ya kwenda mashariki, ni tanjenti ya pembe hiyo ya nusu. Huo ndio t. Kwa hiyo ile "nusu pembe" ambayo wengi huimeza kama dawa ina mahali ilipotoka: ni mtazamo wa mtu aliyesimama ukingoni badala ya katikati.

Sasa tumtafute mwenzako alipo. Tuite umbali wake wa mashariki c, ambao ni kosaini, na wa kaskazini s, ambao ni saini, tukipimia katikati. Wewe uko kwenye (−1, 0). Mwanga unaotoka kwako wenye mteremko t unatupa s = t(1 + c). Na kwa kuwa yuko kwenye duara, s² = 1 − c². Weka ya kwanza ndani ya ya pili:

```
t²(1 + c)² = (1 − c)(1 + c)
t²(1 + c)  = 1 − c
```

Tulichofanya kati ya mistari hiyo miwili ni kugawanya pande zote kwa 1 + c. Kikumbuke kitendo hicho. Ukiendelea, c inajitenga, na s inafuata:

```
cos x = (1 − t²)/(1 + t²)
sin x = 2t/(1 + t²)
```

Jaribu t = 1/2. Kosaini inakuwa 3/5 na saini 4/5, ile pembetatu ya 3, 4, 5 ambayo mafundi hupimia pembe mraba ya msingi wa nyumba. Jaribu t = 2/3, unapata 5/13 na 12/13. Kila sehemu utakayoiweka itazaa sehemu, wala kipeuo hakitajitokeza. Hapa ndipo nguvu yote ya njia hii ilipo: duara, lenye sifa ya kuzaa vipeuo kila ukiligusa, linakubali kuelezwa kwa sehemu tupu mradi ulitazame ukiwa juu ya ukingo wake.

Kimebaki kipande kimoja, na ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Ukibadilisha x kuwa t, lazima ubadilishe na dx, maana hatua ndogo ya x si sawa na hatua ndogo ya t. Fikiria kubadilisha shilingi za Kenya kuwa za Tanzania: huwezi kubadilisha bei na kuacha chenji kwa fedha ya zamani. Kwa kuwa x = 2 arctan t, ambapo arctan ni kinyume cha tanjenti, kiwango cha kubadilishia ni:

```
dx = 2 dt/(1 + t²)
```

Tuipashe moto kwa swali jepesi: intego ya 1/sin x. Sehemu inakuwa (1 + t²)/2t, tunaizidisha kwa 2 dt/(1 + t²), na karibu kila kitu kinakatana. Inabaki dt/t. Jibu ni logi asilia ya t, yaani ln|tan(x/2)|. Swali hilo vitabu vingine hulifanya kwa ujanja wa kuzidisha juu na chini kwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kueleza kilitoka wapi. Kwa fomula za t ni mistari miwili.

Na sasa swali letu lenye ugomvi. Asili yake ni:

```
2 + (1 − t²)/(1 + t²) = (3 + t²)/(1 + t²)
```

Tukiipindua na kuizidisha kwa 2 dt/(1 + t²), ile 1 + t² inakatana yote, na intego inakuwa ya 2/(3 + t²) tu. Hii ni ya kawaida kabisa:

```
F(x) = (2/√3) · arctan( tan(x/2)/√3 )
```

Mpaka hapa hakuna aliyekosea. Ukitaka kuhakikisha, tafuta mteremko wa F, utapata 1/(2 + cos x) ileile. Kisha mwanafunzi anaweka mipaka. Kwenye x = 0, tanjenti ya sifuri ni sifuri. Kwenye x = 2π, tanjenti ya π nayo ni sifuri. Sifuri toa sifuri. Shamba limemezwa.

Rudi kiwanjani uone lilivyomezwa. Mwenzako anatoka mashariki, anapita kaskazini, anakujia. Kurunzi yako inazidi kugeukia kushoto, mteremko wa mwanga unapanda: 1, kisha 5, kisha 100. Anapofika hasa uliposimama, x ikiwa ni π, mwanga umeelekea kaskazini moja kwa moja, sambamba na ukingo, na mteremko hauna namba tena. Anakupita, anatokea upande wako wa kusini. Ili umuone tena, lazima kurunzi iruke ghafla kutoka kaskazini kabisa hadi kusini kabisa. Mteremko uliokuwa umepaa juu bila kikomo sasa unaanzia chini bila kikomo, kisha unapanda taratibu kurudi sifuri mwenzako anapofika tena mashariki. Yeye hakuruka popote. Alitembea mwendo uleule. Aliyeruka ni wewe mwenye kurunzi.

Kwa hiyo ni kweli kwamba t ilianza sifuri na kuishia sifuri, lakini haikusimama palepale. Ilizunguka mstari mzima wa namba: ilitoka 0 ikapaa bila kikomo, kisha ikatokea chini bila kikomo ikarudi 0. Mwanafunzi aliyeandika "kutoka 0 hadi 0" ni kama mtu anayemwona dereva wa daladala asubuhi Mbagala na jioni Mbagala, akaandika kwamba gari halikwenda popote.

Ile hatua niliyosema ikumbukwe, ya kugawanya kwa 1 + c, ilikuwa imeshatuonya. Kugawanya kunaruhusiwa tu kama 1 + c si sifuri, na 1 + c ni sifuri mahali pamoja tu: c ikiwa −1, yaani pale ulipokanyaga wewe. Fomula za t zinalifikia kila tone la duara isipokuwa moja, na tone hilo ndilo x = π. Njia nzima ni halali upande huu wa π na ni halali upande ule, lakini haina daraja la kuvukia.

Tiba ni kutovuka. Kata njia kwenye π, kisha ujumlishe vipande viwili. Kutoka 0 hadi π, t inakwenda kutoka 0 na kupaa bila kikomo, na arctan inafikia π/2. Kipande hicho ni (2/√3)(π/2), yaani π/√3. Upande wa pili ni ulinganifu uleule, unatoa π/√3 nyingine. Jumla:

```
2π/√3 ≈ 3.6276
```

Asiyeamini ana namna ya kujipima bila intego yoyote. Chukua urefu wa grafu kwenye vituo vinne vilivyo sawa, x ikiwa 0, π/2, π na 3π/2. Unapata 1/3, 1/2, 1 na 1/2. Jumla yake ni 7/3. Zidisha kwa nafasi kati ya kituo na kituo, π/2, unapata karibu 3.67. Ongeza vituo vinne vya katikati, uwe na vinane, unapata 3.6278. Kwa vituo vinane tu umekaribia jibu kamili kwa tofauti ya chini ya sehemu moja ya elfu. Ningekuwa na uwezo, kila swali la namna hii lingefuatwa na sharti kwamba mwanafunzi afanye vituo vinne kabla ya kupiga mstari chini ya jibu. Inachukua dakika moja, na ingemwokoa aliyepata sifuri.

Tatizo ni kwamba si kila mtego hutoa sifuri ya kushtua. Chukua swali lilelile lakini uishie 3π/2. Hapo x/2 ni 3π/4, tanjenti yake ni −1, na F inatoa −π/(3√3), karibu −0.60. Hasi inashtua bado. Lakini punguza mambo kidogo, weka swali ambalo fanksheni yake yenyewe huwa chanya na hasi, na jibu baya litakaa kwenye karatasi kwa adabu zote bila kumshtua mtu. Ndiyo maana ishara ya kutazama ni mipaka, si jibu. Jiulize: kati ya mwanzo na mwisho, je, x inapita π, 3π, au −π? Ikipita mara moja, F imeruka chini kwa 2π/√3, nawe unapaswa kuirudishia. −0.6046 ukiiongezea 3.6276 unapata 3.0230, na hilo ndilo jibu sahihi mpaka 3π/2.

Mruko huu si wa wanafunzi peke yao. Programu za kompyuta zinazofanya aljebra zilikuwa na shida hiyohiyo, zikitoa majibu ya jumla yenye mikatiko ambayo swali lenyewe halikuwa nayo. Mwaka 1994 David Jeffrey na Albert Rich walichapisha njia ya kuyaunganisha majibu ya namna hiyo. Kwa swali letu, jibu lililoungwa linaweza kuandikwa hivi:

```
G(x) = x/√3 − (2/√3) · arctan( sin x/(2 + √3 + cos x) )
```

Itazame kwa makini. Asili ya ile sehemu ya ndani, 2 + √3 + cos x, haiwezi kuwa sifuri, kwa hiyo hakuna pa kukatikia. Weka 2π: arctan inatoweka, inabaki 2π/√3 moja kwa moja. Weka π/2: inatoa 0.6046, sawasawa na F. Ni jibu lilelile, ila kurunzi imeacha kuruka.

Kuna jambo la majina nalo huchanganya watu. Vitabu vingi huiita njia hii kwa jina la Weierstrass, Mjerumani aliyezaliwa 1815. Lakini Leonhard Euler alishaitumia kwenye kitabu chake cha intego kilichotoka 1768, na Euler alifariki 1783, miaka 32 kabla Weierstrass hajazaliwa. Mimi hupendelea jina la darasani, fomula za t. Halimdai mtu yeyote chochote.

Imani nyingine ni kwamba njia hii, kwa kuwa haishindwi, basi itumike kila mara. Kuhusu kutoshindwa ni kweli: swali lolote la aina tuliyoitaja litageuka kuwa sehemu ya polinomia za t, na sehemu hizo huweza kuvunjwa vipande na kuishia kwenye sehemu rahisi, logi na arctan. Lakini angalia cos x/(1 + sin² x). Ukiita saini u, basi cos x dx ni du yenyewe, na jibu ni arctan(sin x), umemaliza. Ukikimbilia t, unapata:

```
2(1 − t²)/(1 + 6t² + t⁴) dt
```

na sasa una asili ya kipeo cha nne ya kuvunjavunja jioni nzima. Fomula za t ni greda: zinapasua njia popote, lakini huchukui greda kwenda dukani kununua chumvi. Kwanza tafuta kama kosaini moja imekaa pembeni ya dx ikisubiri kuwa du, au saini moja. Kama saini na kosaini zote zimepanda vipeo shufwa, kuita tan x herufi mpya huwa kwepesi zaidi. Ila nayo ina mruko wake, kwenye π/2, kwa hiyo mipaka bado inatakiwa kuchunguzwa.

Mwisho, usije ukatibu kila mkatiko kwa kuongeza namba. Badilisha swali kidogo tu liwe 1/(1 + 2 cos x). Sasa asili inakuwa (3 − t²)/(1 + t²), na intego ni ya 2/(3 − t²), inayoleta logi badala ya arctan. Asili hiyo inakuwa sifuri t ikiwa √3, yaani x ikiwa 2π/3, na hapo kosaini ni −1/2, kwa hiyo 1 + 2 cos x yenyewe ni sifuri. Huu mkatiko haukuletwa na kurunzi. Grafu yenyewe inapaa bila kikomo, na eneo la kutoka 0 hadi 2π halina namba hata ukikata vipande vingapi. Wakati huohuo, kwenye x = π, swali hili halina tatizo lolote: 1 + 2 cos π ni −1. Namna ya kutofautisha ni kurudi kwenye swali la awali, lile la x, na kuweka namba inayoshukiwa. Likitoa namba ya kawaida, mkatiko ni wa t na unaungwa. Likigawanya kwa sifuri, mkatiko ni wa swali lenyewe.